Uhusiano wa 0.6 hautoshi kumtabiria mtoto mmoja: namna ya kulieleza kikaoni

Shule nyingi za sekondari Dar es Salaam hugawa mikondo wanafunzi wanapoingia kidato cha tatu: hawa sayansi, hawa biashara, hawa sanaa. Kikao cha kuwagawa huwa kigumu, kwa hiyo mwalimu wa taaluma huja na kompyuta. Anafungua jedwali la miaka iliyopita, anaonyesha kwamba alama za Hisabati za moko ya kidato cha pili zinahusiana na zile za moko ya kidato cha nne kwa 0.6, kisha anahitimisha: "Kwa hiyo tunajua tayari nani atafaulu na nani atafeli. Walio chini ya 50 wasiingie sayansi." Wazazi wananyamaza, kwa sababu namba imetajwa na mtu anayeonekana kuijua.

Na huenda anaijua kweli. Hiyo 0.6, kwenye mizani ambayo 0 ni alama zisizohusiana kabisa na 1 ni alama zinazokwenda pamoja kikamilifu, inaweza kuwa imekokotolewa bila kosa lolote. Kilichorukwa ni safari ndefu iliyopo kati ya namba inayoeleza kundi la watoto mia na zaidi, na uamuzi juu ya mtoto mmoja mwenye jina lake. Mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi anayetaka kuieleza safari hiyo palepale kikaoni, mbele ya watu ambao wengi wao waliachana na takwimu zamani, bila kumvunjia heshima aliyeleta jedwali.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: shule ya binafsi ya kufikirika huko Tabata, yenye kumbukumbu za wanafunzi 120 waliofanya moko zote mbili. Namba zake nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi kufuatilia, lakini hatua ni zilezile utakazozipita ukiwa na jedwali la shule yako. Natumia alama za moko kwa sababu Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa madaraja ya herufi na si alama zenyewe, na hesabu hii inahitaji alama.

Hatua ya kwanza: uliza uamuzi unamhusu nani

Kabla hujagusa hesabu, uliza swali hili kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, namba hii tunataka ituamulie nini hasa?" Majibu yatakuwa ya aina mbili. La kwanza linahusu kundi: tuandae madawati mangapi ya mkondo wa sayansi, tuajiri walimu wangapi wa vipindi vya ziada, darasa hili kwa jumla litasimama wapi miaka miwili ijayo. La pili linamhusu mtu: Neema aende sayansi au asiende?

Uhusiano wa wastani, wa 0.4 hadi 0.7 hivi, unalijibu swali la kwanza vizuri na la pili vibaya. Konda wa daladala ya Mbagala anajua takriban abiria wangapi watashuka Mtoni kwa Aziz Ali, lakini hawezi kukuambia kama yule mama wa kiti cha nyuma ni mmoja wao. Ukishakubaliana na wenzako kwamba mnazungumzia Neema, nusu ya kazi imekwisha, maana sasa mnauliza kitu ambacho 0.6 peke yake haikijibu.

Hatua ya pili: omba namba nyingine mbili

Namba ya uhusiano, ile inayoandikwa r, haina kipimo. Si alama, si asilimia, si idadi ya watoto. Ndiyo maana ni rahisi sana kuisikia vibaya. Mtu akisikia 0.6 anasikia "asilimia 60 ya usahihi", na hakuna sehemu yoyote ya hesabu inayosema hivyo. Ili irudi kwenye lugha ya shule inahitaji wenzake wawili: wastani wa alama, na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namna alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani huo.

Kama alama za kidato cha pili ziko safu ya B na za kidato cha nne safu ya C, mwenye kompyuta atazipata kwenye Excel kwa muda mfupi:

```
=CORREL(B2:B121,C2:C121)
=AVERAGE(C2:C121)
=STDEV.S(C2:C121)
=STEYX(C2:C121,B2:B121)
```

Mstari wa kwanza unatoa r. Wa pili na wa tatu zinatoa wastani na mchepuko sanifu wa kidato cha nne. Wa nne ndio ninaoutaka zaidi, na ndio ambao karibu kila mtu anausahau: unatoa kiasi ambacho makadirio hukosea kwa kawaida, na unakitoa kwa alama. Angalia mpangilio wake. Ndani ya mabano unatangulia mtihani unaotabiriwa, ndipo unafuata ule unaotumika kutabiri. Ukiwageuza, Excel haitalalamika, itakupa tu jibu la swali jingine.

Katika shule yetu ya Tabata, tuseme moko zote mbili zina wastani wa 50 na mchepuko sanifu wa 15, na r ni 0.6. Mstari wa nne utatoa 12 na ushei. Kama hakuna kompyuta, unaipata kwa kikokotoo cha simu:

```
15 × √(1 − 0.6²) = 15 × √0.64 = 15 × 0.8 = 12
```

Hatua ya tatu: linganisha na mtu asiyejua lolote

Hapa ndipo hoja yote ilipo, kwa hiyo usiende haraka. Waambie wajumbe wamfikirie mtu ambaye hajaona karatasi hata moja ya kidato cha pili. Anaambiwa amkadirie kila mwanafunzi alama ya kidato cha nne. Kwa kuwa hajui lolote, jambo la busara ni kumpa kila mmoja wastani, 50. Atakosea, na kiasi chake cha kawaida cha kukosea ni ule mchepuko sanifu wenyewe: alama 15.

Sasa mleteni mwalimu wa taaluma mwenye jedwali lake lote na r ya 0.6. Yeye atamkadiria kila mwanafunzi kwa kufuata alama yake ya kidato cha pili. Kiasi chake cha kawaida cha kukosea ni alama 12.

Kutoka 15 hadi 12. Jedwali zima limepunguza kosa kwa alama 3, yaani sehemu moja ya tano. Iseme sentensi hiyo, halafu nyamaza kidogo. Nimeona mara nyingi kwamba hapa ndipo watu wanapoinua vichwa, kwa sababu walidhani tofauti kati ya kujua na kutojua ni kubwa kuliko hivyo.

Hesabu hii si mpya. Mwanasaikolojia wa Marekani Clark Hull aliitumia miaka ya 1920 kupima mitihani ya kuchagua wafanyakazi, na alitaka kujua kitu hikihiki: mtihani unapunguza makosa kwa kiasi gani ukilinganisha na kubahatisha wastani? Kwa r ya 0.5 kosa linapungua kwa asilimia 13 tu. Ili kosa lifike nusu unahitaji r ya karibu 0.87. Hata r ya 0.9, ambayo kwa mitihani iliyotenganishwa na miaka miwili ni nadra kuipata, kwenye shule yetu ingebakiza kosa la alama 6.5.

Kuna mjumbe atakayejaribu njia ya mkato: "Lakini r ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.36, maana yake tunaeleza asilimia 36 ya tofauti." Ni kweli, ila tofauti inayozungumzwa hapo imepimwa kwa alama zilizozidishwa kwa zenyewe. 15 mara 15 ni 225. Ondoa asilimia 36, yaani 81, inabaki 144. Chukua kipeuo chake cha pili ili urudi kwenye alama za kawaida: 12. Ni hesabu ileile, ila asilimia 36 inasikika kubwa kuliko alama 3 kati ya 15. Mbele ya wazazi tumia alama, kwa sababu mtoto analeta nyumbani alama.

Hatua ya nne: mchukue mwanafunzi mmoja na umfuate mpaka mwisho

Maelezo ya jumla hayamshawishi mtu kama anavyoshawishika na mwanafunzi mmoja. Chagua aliye karibu na mstari wa kukatia, maana ndiye uamuzi utakayemwangukia. Tuseme Neema alipata 40 kidato cha pili.

Makadirio yake ya kidato cha nne si 40. Yuko alama 10 chini ya wastani. Kwa kuwa mchepuko sanifu wa mitihani yote miwili ni sawa, unazidisha pengo hilo kwa 0.6 na kupata 6. Makadirio ni 50 kutoa 6, yaani 44. Kwenye Excel ni hivi:

```
=FORECAST(40,C2:C121,B2:B121)
```

Watu watauliza kwa nini Neema amepandishwa bila kufanya lolote. Wajibu hivi: alama 40 ya siku moja ina ndani yake uwezo wake, na pia ina homa, swali lililosomwa vibaya, mada ambayo mwalimu hakuifikia. Katika kundi zima la waliopata 40, bahati mbaya ni nyingi kuliko bahati nzuri, na bahati hiyo haijirudii yote miaka miwili baadaye. Vivyo hivyo waliopata 65 wanashuka kuelekea wastani: makadirio yao ni 59. Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao waliokwisha kukua. Watoto wa wazazi warefu sana walikuwa warefu, ila kwa wastani si kama wazazi wao.

Sasa iweke ile 12 kuzunguka 44. Kama makosa yametawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, theluthi mbili hivi ya wenye alama kama ya Neema wataangukia kati ya 32 na 56. Ukitaka kuwa na hakika ya asilimia 95, ongeza na utoe 24 badala ya 12: kutoka 20 hadi 68.

Zibadilishe alama hizo kuwa madaraja ya kidato cha nne, ambayo kila mzazi anayajua: A ni 75 na kuendelea, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Alama 20 ni F. Alama 68 ni B. Utabiri wetu wa kisayansi juu ya Neema, tukiusema kwa ukamilifu wake, ni kwamba atapata kitu fulani kati ya F na B. Na nafasi yake ya kupata C au zaidi ni karibu asilimia 47. Hata tukihesabu kukosa C kuwa ni kufeli, mtu aliyesema "tunajua atafeli" alikuwa na nafasi karibu sawa na ya kurusha shilingi.

Ukiwa na muda, mweke Neema pembeni ya mwenzake aliyepata 65. Makadirio yao yanapishana kwa alama 15, 44 kwa 59, na hapo kila mtu anaona ni dhahiri nani atakuwa juu. Lakini kila mmoja wao ana kosa lake la 12, na makosa mawili yakikutana pengo lenyewe lina kosa la karibu 17. Ukikokotoa, katika jozi za namna hiyo yule wa 40 anampita yule wa 65 karibu mara moja katika kila tano.

Hatua ya tano: hesabu vichwa

Kuna wajumbe ambao hata alama na vipimo vya kukosea vitawapita. Kwao tumia watu. Gawa wanafunzi 120 katikati: 60 walikuwa chini ya wastani kidato cha pili, 60 juu. Kwa uhusiano wa 0.6, kati ya wale 60 wa chini, 42 hivi watabaki chini kidato cha nne na 18 hivi watakuwa wamevuka juu ya wastani. Upande wa pili ni vilevile: 18 kati ya waliokuwa juu watakuwa wameshuka.

Kwa hiyo sheria ya "chini ya 50 hapana" inawafungia mlango watoto 18 ambao wangekuja kuwa nusu ya juu ya darasa, na inawapa nafasi wengine 18 watakaokuwa nusu ya chini. Makosa 36 kati ya 120. Sheria bado ni bora kuliko kura ya bahati nasibu, ambayo ingekosea kwa 60. Sema yote mawili kwa pamoja, maana ukisema la kwanza tu utaonekana unaficha.

Usitegemee namba zangu hapa. Chukua jedwali la shule, pitisha mstari kwenye wastani wa kila mtihani, na uhesabu visanduku vinne kwa mkono. Kisha tafuta wote waliopata kati ya 38 na 42 kidato cha pili na usome kwa sauti alama zao za kidato cha nne, moja baada ya nyingine, bila majina. Ni jambo la dakika mbili, na ndilo lenye nguvu kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu sasa si nadharia. Wanasikia 31, 52, 44, 67, 28, 49, na wanajua hao wote walianzia mahali pamoja.

Zoezi hilo pia linakulinda. Hesabu ya 12 inachukulia kwamba mtawanyiko ni uleule kwa wenye alama za juu na za chini, na kwamba uhusiano unakwenda kwa mstari ulionyooka. Ukiona wenye 40 wametawanyika sana kuliko wenye 70, kosa la watoto wa chini ni kubwa kuliko 12, na hapo hoja yako inapata nguvu. Ukiona kinyume, yaani wenye 40 wamekusanyika pamoja, sema hivyo kwa uwazi. Angalia vilevile nani hayumo kwenye jedwali. Waliohama na walioacha shule hawana alama ya kidato cha nne, na huenda walikuwa tofauti na waliobaki.

Hatua ya sita: hoja zitakazokuja

"Kompyuta imesema uhusiano huu ni wa uhakika, nafasi ya kuwa bahati tu ni chini ya moja katika elfu." Kubali. Kipimo hicho kinajibu kama uhusiano upo au haupo kabisa. Hakijibu una nguvu kiasi gani. Ukiwa na wanafunzi elfu kumi, hata r ya 0.05 itapita mtihani huo kwa urahisi, na itakuwa haina msaada wowote kwa Neema.

"Shule fulani ya jirani imepata 0.8, kwa hiyo njia hii inafanya kazi." Hoja hii inahitaji subira, maana inaonekana kuwa na nguvu. Namba ya r hupanda pale wanafunzi wanapotofautiana sana. Tuseme shule hiyo ya jirani inapokea watoto wa kila aina, na mchepuko sanifu wa alama zake za kidato cha nne si 15 bali ni 20. Weka kwenye hesabu ileile:

```
20 × √(1 − 0.8²) = 20 × √0.36 = 20 × 0.6 = 12
```

Alama 12. Kosa juu ya mtoto mmoja ni lilelile kabisa, ingawa r moja ni 0.6 na nyingine 0.8. Kilichobadilika ni upana wa kundi lao, si ukali wa macho ya mtihani. Kwa sababu hiyo, unapolinganisha shule mbili au miaka miwili, usikubali r peke yake. Omba ile namba ya `STEYX`. Kinyume chake nacho hutokea: shule inayochuja sana kwa intavyuu itapata r ndogo, na mtu atasema mitihani yao ni mibovu, kumbe wamebaki na watoto wanaofanana tu.

Ujanja wa namna hii hujitokeza hata bila mtu kukusudia, pale data za makundi mawili zinapochanganywa. Ukimwaga kwenye jedwali moja mkondo wa wenye alama za juu na mkondo wa wenye alama za chini, r itapanda kwa sababu tu mikondo miwili iko mbali. Ndani ya kila mkondo, ambako ndiko uamuzi wa Neema ulipo, uhusiano unaweza kuwa dhaifu zaidi. Uliza kila mara: hii r imetoka kwa watoto gani?

Hoja ya mwisho kwa kawaida hutoka kwa mtu aliyechoka: "Basi kwa maneno yako mitihani haina maana, tugawe mikondo kwa kufumba macho." Hapana, na ni muhimu uliseme hapana hilo kwa nguvu ileile uliyotumia kwa mengine.

Hatua ya saba: upe mtihani haki yake

Chukua darasa zima la watoto 40 ambao wastani wao kidato cha pili ulikuwa 40. Makadirio ya wastani wao kidato cha nne ni 44, na kosa la wastani huo ni 12 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 40, yaani alama 1.9. Kwa hiyo wastani wa darasa utaangukia kati ya 40 na 48 hivi. Makosa ya mtoto mmoja mmoja yamefutana: aliyepanda amemfidia aliyeshuka. Mkuu wa shule anaweza kupanga bajeti kwa namba hiyo. Ila kuna jambo moja la kuangalia: hesabu hii inachukulia kwamba kila mtoto anakosewa kivyake. Mwalimu wa Hisabati akiondoka katikati ya mwaka, darasa zima linashuka pamoja, na hapo 1.9 haitoshi.

Vilevile, anayechagua wachache kutoka kwa wengi, tena mara kwa mara, ananufaika na uhusiano wa wastani. H. C. Taylor na J. T. Russell walionyesha mwaka 1939, kwa majedwali yaliyotumiwa sana baadaye, kwamba mtihani wenye r ya kawaida tu unaweza kuongeza sana idadi ya wanaofaa miongoni mwa waliochaguliwa, pale nafasi zinapokuwa chache na waombaji wengi. Mwajiri anayeajiri mia kila mwaka ataona faida. Faida hiyo ni ya mwajiri, inakusanyika polepole. Aliyekataliwa kimakosa haioni.

Kinachoamua, basi, ni gharama ya kukosea. Tumia 0.6 bila wasiwasi kuchagua nani apate vipindi vya ziada vya Jumamosi, kwa sababu mtoto aliyepewa bila kuhitaji amepoteza asubuhi chache, na aliyekosa anaweza kuongezwa baadaye. Usiitumie peke yake kumfungia mtoto mlango ambao haufunguki tena, na kumwondoa kwenye Fizikia na Kemia kidato cha tatu ni mlango wa namna hiyo, kwa kuwa hawezi kuomba tahasusi ya sayansi kidato cha tano bila masomo hayo.

Hatua ya nane: geuza maelezo yawe uamuzi

Kikao kikiisha kwa kukubaliana tu kwamba "namba ni ngumu", mwaka ujao jedwali litarudi lilelile. Pendekeza maneno ya kuandikwa kwenye muhtasari. Mzazi anaweza kuyasema hivi:

"Mwalimu wa taaluma, tunakushukuru kwa jedwali, limetusaidia. Naomba tuandike hivi: moko ya kidato cha pili itumike kupanga vipindi vya ziada. Aliye kati ya 35 na 55 na anataka sayansi aruhusiwe, na apimwe tena mwisho wa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu. Na kila makadirio ya mwanafunzi yakitajwa kikaoni, yatajwe pamoja na kosa lake."

Mwalimu akijibu, "Mama Neema, sawa, lakini muhula mmoja utaongeza nini?", jibu lipo. Mtihani wa pili, ulio karibu zaidi na kidato cha nne, ukijumlishwa na ule wa kwanza unaweza kuipandisha r hadi 0.7, kwa mfano. Kosa litashuka kutoka 12 hadi 10.7. Bado ni pana, na Mama Neema aliseme hilo mwenyewe kabla hajaulizwa. Lakini kwa mtoto aliye kwenye mstari, kutazama alama mbili, ya pili ikiwa imepatikana baada ya miezi michache ya kusoma Fizikia, kuna uzito kuliko kubashiri kwa alama moja ya zamani.

Sharti la "pamoja na kosa lake" ndilo la kulishikilia wakitaka kupunguza. Mwalimu atakayelazimika kusema "Neema, 44, ongeza au punguza 24" mbele ya baba na mama yake hatasema tena kwamba tunajua atafeli.